Madeni Yanayofuata Namba ya Gari: Mnunuzi wa Mbinga Akague Nini Kabla ya Kulipa

Msimu wa mauzo ya kahawa unapofikia malipo, biashara ya magari na pikipiki zilizotumika huchangamka wilayani Mbinga, na barabara ya lami ya kuelekea Mbamba Bay imeongeza mahitaji ya vyombo vya usafiri hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Mauziano mengi hufanyika kwa kuaminiana: fedha hukabidhiwa, kadi hutolewa, mkataba huandikwa mbele ya mashahidi. Swali ambalo mara nyingi huachwa ni kama chombo hicho kina deni.

Deni lililo rahisi kubaini ni faini za usalama barabarani. Jeshi la Polisi huziweka katika mfumo wake uliopo kwenye anwani tms.tpf.go.tz, ambako mtu yeyote huingiza namba ya usajili na kuoneshwa kosa, mahali lilipotendeka, kiasi kinachodaiwa na namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa gari, kosa moja hutozwa shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji kiwango kilipunguzwa katika bajeti ya mwaka 2021/22 hadi shilingi 10,000. Kwa kuwa deni limeandikwa kwenye namba ya gari, askari atakayelisimamisha njiani atamkuta mmiliki mpya, hata kama makosa yalitendeka Dar es Salaam kabla hajaliona gari hilo.

Gari lililotoka mjini lina jambo la ziada, nalo ni ushuru wa maegesho unaokusanywa na TARURA kwa mfumo wa kielektroniki. Deni hilo halionekani katika mfumo wa Polisi, hivyo hutafutwa peke yake katika termis.tarura.go.tz. Kuhusu ada ya mwaka ya leseni ya gari, maarufu kama "road licence", bado wapo wauzaji wanaopandisha bei kwa madai kuwa wameilipia. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na nafasi yake kuchukuliwa na ongezeko la ushuru katika mafuta, kwa hiyo hoja hiyo haina uzito.

Ugumu halisi uko kwenye mikopo. Benki inapogharamia gari, kwa kawaida hubaki na kadi halisi, na jina lake linaweza kuonekana kwenye kadi pamoja na la mkopaji. Kadi yenye majina mawili haiuziki kwa saini ya mtu mmoja. Mnunuzi anapaswa kudai barua ya benki inayothibitisha kuwa mkopo umekwisha. Gari la kampuni, kama basi dogo la abiria, linaweza kuwa limewekwa rehani iliyosajiliwa BRELA, na upekuzi wa jalada la kampuni huko hufanyika kwa ada.

Hata hivyo, wakopeshaji wadogo wengi hushikilia kadi tu bila kuandikisha chochote. Hakuna tovuti itakayoonesha deni la namna hiyo. Dalili yake ni kadi yenyewe: muuzaji anatoa nakala, anasema kadi iko kwa ndugu, au anaonesha kadi mbadala iliyotolewa karibuni baada ya taarifa ya upotevu. Kadi mbadala si kosa, lakini inalazimu swali la nani anayo ile ya kwanza.

Kwa pikipiki za biashara hali ni nyingine tena. Vijana wengi huendesha kwa mkataba, wakimlipa mwenye chombo kidogo kidogo hadi kiwe chao. Tuseme mkulima wa Kigonsera anauziwa pikipiki kwa shilingi 1,500,000 na kijana anayeiendesha. Mfumo wa Polisi unaonesha makosa matatu, yaani shilingi 30,000 bila nyongeza yoyote ya kuchelewa, kiasi kinachoweza kukatwa kwenye bei na kulipwa hapohapo. Lakini kadi ina jina la mtu wa Songea. Faini si kikwazo hapa. Kikwazo ni kwamba kijana huyo huenda bado anadaiwa, na asiye mmiliki hawezi kuhamisha umiliki. Mkulima anapaswa kumpata mwenye jina, mkataba wa mauziano uwe naye, na malipo yafanyike kwake.

Uhamisho wa umiliki katika TRA ndio kipimo cha mwisho. Hapo hulipwa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ambao kwa mfano huu ni shilingi 15,000. Ni busara kubakiza sehemu ya bei hadi uhamisho ukamilike, na sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba. Muuzaji mwenye kadi safi hana sababu kubwa ya kulikataa.

Kwa wakazi wa mwambao, vyombo vyenye namba za Malawi au Msumbiji vinahitaji tahadhari ya pekee. Kibali cha kuingia kwa muda hakimpi mwenye gari haki ya kuliuza nchini, na chombo ambacho hakijalipiwa ushuru wa forodha kinaweza kutaifishwa kikiwa mikononi mwa aliyekinunua. Nyaraka za forodha za gari la aina hiyo huthibitishwa katika ofisi ya TRA kabla ya fedha kutolewa.