Mkate wa Ndizi: Rangi ya Juu Isikudanganye

Wasee, leo nina maoni ambayo najua yataniletea ubishi. Mkate wa ndizi mwingi unaouzwa huku kwetu haujaiva. Juu ni kahawia safi, ukipiga picha unameremeta, halafu ukikata katikati unakutana na uji. Na kila mtu anasema ati ni ndizi zilikuwa nyingi, ama unga ulikuwa mbaya. Mimi nasema ni moto. Tunapika na moto mkali sana, tunatoa mapema, tunaamini rangi.

Nipe dakika nieleze, kwa sababu kuna watu wanapoteza pesa hapa.

Binamu yangu anaishi Lokiriama, kule Loima karibu na mpaka wa Uganda. Ndipo Waturkana na Wamatheniko walifanya ule mkataba wa amani wa 1973, na siku ya kuukumbuka ikifika, wageni wanajaa pande zote mbili. Kwa mtu wa kuuza chai na kitu ya kutafuna, hiyo ni siku ya chapaa. Binamu alinunua ndizi Lodwar. Hizo ndizi hutoka pande za Kitale, kwa hivyo zikishapita barabara yote hiyo na jua letu, zinafika Lokiriama zikiwa laini na madoa meusi. Kwa chapati hizo ni hasara. Kwa mkate wa ndizi, hizo ndizo unataka.

Alioka mikate miwili kwa sufuria. Dakika 25, juu ikawa kahawia kabisa, akaepua. Mgeni wa kwanza alipokatiwa kipande, katikati ilikuwa unga mbichi unaovutika. Manze, hiyo mikate miwili ililiwa na watoto wa boma, kandokando tu. Hakuna shilingi iliyoingia.

Sasa angalia kilichotokea ndani. Mkate wa ndizi ni mzito na una maji mengi, kwa sababu ndizi yenyewe sehemu kubwa ni maji. Joto linaingia kutoka pembeni, juu na chini, na linatembea polepole kuelekea katikati. Huwezi kulikimbiza. Ukiongeza makaa, unachofanya ni kuunguza nje haraka zaidi, lakini katikati bado inangoja zamu yake. Tena ndizi ikiiva sana inakuwa na sukari nyingi, na sukari ndiyo inafanya juu iwe kahawia mapema. Kwa hivyo ndizi tamu zaidi hudanganya zaidi.

Wale wa mitandaoni watakuambia weka oveni digrii 180. Sawa, lakini jiko la makaa halina namba. Na makaa yetu mengi huku ni ya etirae, ile mathenge, ambayo moto wake ni mkali. Ukijaza jiko kama unachemsha githeri, umeshaharibu.

Safari ya pili tulioka pamoja, na unga ulikuwa ule ule: ndizi nne ndogo zilizopondwa, vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, mayai mawili, nusu kikombe cha mafuta na vijiko viwili vidogo vya beking poda. Hatukubadilisha kitu hapo. Tulibadilisha moto.

Tuliweka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, kama unene wa vidole viwili, ndiyo chini isiungue. Juu ya mchanga tukaweka mawe madogo matatu ya kushikilia bati la mkate. Tukafunika na kifuniko cha bapa, makaa machache chini, na mengine tukapalia juu ya kifuniko. Kabla ya kuweka mkate tulipima joto kwa njia ya zamani: nyunyiza unga kidogo kwa sahani ya bati, weka ndani, ngoja dakika tano. Ukitoka na rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani. Ukitoka kahawia nzito, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza kidogo.

Mkate ukaingia. Dakika 20 za kwanza hatukufungua kabisa, kwa sababu ukiruhusu joto litoke wakati mkate bado unainuka, unaweza kubonyea katikati. Dakika ya 30 tukachungulia. Juu ilikuwa imeshika rangi ya dhahabu na imejikaza, haitikisiki ovyo. Hapo ndipo foili inaingia.

Watu wengi wanakosea kwa foili. Usiibane kama unafunga chakula cha kubeba. Iweke kama hema, imeinuka juu ya mkate, na pembeni uache nafasi kidogo ya mvuke kutoka. Ukiibana, mvuke unageuka maji, unaloweka juu, na ukifunua ngozi inabanduka nayo. Kazi ya foili ni kuzuia lile joto la kifuniko lisipige juu moja kwa moja, wakati katikati inaendelea kuiva. Kwa sisi wa makaa inafanya kazi ya pili pia: inakinga jivu unapoinua kifuniko. Na usiiweke mapema. Ikiingia wakati juu bado ni unga mbichi, itanata.

Dakika ya 50 tukapima. Chukua kijiti cha mshikaki kilicho safi, choma katikati kabisa hadi karibu na chini, toa, angalia. Usichome pembeni, pembeni huiva kwanza kila wakati. Chetu kilitoka na unga mbichi unaong'aa, kama gundi. Tukarudisha foili. Dakika ya 60 kikatoka na chembe chache zenye unyevu, hazina mng'ao. Hapo umeiva. Lakini tulichoma tena hatua moja kando, kwa sababu ukipiga kipande cha ndizi, kijiti hutoka kimelowa hata kama mkate uko sawa. Vijiti viwili havikosei kirahisi. Ukitaka ushahidi mwingine, bonyeza katikati polepole na kidole: ikirudi juu, poa, ikibaki na shimo, rudisha.

Tukaacha mkate kwa bati dakika kumi, tukautoa, tukangoja upoe. Ukikata ukiwa moto unabomoka, na utadhani haujaiva.

Najua mtasema saa nzima ni makaa mengi. Sikatai kwamba makaa ni pesa. Lakini moto wa wastani hauli makaa mengi kwa mpigo, na ukilinganisha na unga, mayai na mafuta ya mikate miwili iliyotupwa, hesabu inajieleza. Kama kweli huna saa, usiongeze moto, punguza kimo. Mimina unga huo huo kwa bati pana, usizidi vidole viwili, na anza kupima kijiti dakika ya 25. Hautakuwa mkate wa kukata slesi ndefu, lakini utaiva.

Kwa hivyo wale mnauza pale Lodwar stendi na Kakuma soko, ombi langu ni moja. Kabla mtu akupe pesa yake, choma kijiti katikati. Na nyinyi wanunuzi, acheni kununua rangi. Mwambie muuzaji akate mbele yako, kipande cha katikati.