FEDHA ZA MWANAMKE SI FAIDA YA MFADHILI

Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vimeenea Arusha mjini na katika vijiji vya Meru. Wanaogharimia mafunzo yao hupenda kutangaza kwamba kila shilingi moja waliyotoa imeizalia jamii shilingi kadha wa kadha. Hesabu hiyo yafaa, lakini hapana budi tuulize imepigwaje.

Tuchukue mfano. Wauza ndizi 25 wa Tengeru wafundishwa kwa shilingi 1,000,000. Kila mmoja aweka akiba ya shilingi 240,000 kwa mwaka. Siku ya kuvunja mzunguko wagawana 6,600,000. Mtoa taarifa aandika: moja imezaa sita na zaidi.

Sivyo. Katika fedha hizo, 6,000,000 zilikuwa zao tangu mwanzo. Sanduku lilizitunza tu. Na zile 600,000 za ziada ni riba waliyolipana wao kwa wao: zimetoka mkono huu zikaingia ule. Kwa kikundi kizima, hakuna hata senti mpya.

Basi faida iko wapi? Iko katika yale ambayo yasingalitokea bila kikundi. Tuseme wanawake 10 walikopa kila mmoja 100,000 kwa miezi mitatu, kwa ada ya shule au matibabu. Mkopeshaji wa “kausha damu” atozaye asilimia 20 kwa mwezi angalichukua 60,000 kwa kila mmoja. Je, tuandike 600,000? La. Waulizwe kwanza: ni wangapi wangalikwenda kwake kweli? Kama sita wangalikopa kwa ndugu au kupokea zamu ya upatu bila riba, wamebaki wanne, na faida ni 240,000. Kwa kima hicho, gharama ya mafunzo hairudi kabla ya mwaka wa tano, nacho kikundi kiwe hai bado.

Utafiti uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda na kutolewa mwaka 2017, uliolinganisha vijiji vyenye vikundi na visivyo navyo, watupa tahadhari hiyo hiyo. Biashara za nyumbani na sauti ya mwanamke ziliongezeka, lakini matumizi ya kaya, kwa wastani, hayakuonekana kubadilika.

Sauti hiyo nayo yapimwaje? Wengine huazima bei ya ushauri wa daktari wa Ulaya, na jumla hufura mara moja. Sisi twaona ni afadhali wanawake wenyewe wapange vitu wanavyovijua bei, kama debe la mahindi, mbuzi, na bati za kuezekea, kisha waseme kusikilizwa nyumbani wakuweke baina ya vitu vipi. Majibu yakitofautiana mno, jambo hilo liandikwe kwa maneno, lisitiwe katika jumla.

Taarifa isiyoonyesha ilichopunguza isipokewe na halmashauri zetu.