Swali moja badala ya orodha ya vivumishi

Mwaka 1955 J.R.R. Tolkien, profesa wa lugha huko Oxford, alimwandikia barua mshairi W.H. Auden. Alikumbuka kwamba akiwa na miaka kama saba alitunga hadithi ya joka, na mama yake akamsahihisha jambo moja tu: kwa Kiingereza neno la ukubwa hutangulia la kijani, si kinyume chake. Tolkien aliongeza kuwa bado anajiuliza kwa nini.

Wanachama wenzangu nao wanajiuliza. Katika vipindi vyetu vya kusaidiana insha naona daftari zenye orodha ileile: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, matumizi. Wameikariri, na bado insha zinarudi na wino mwekundu. Kwa maoni yangu, orodha inasema nini kitangulie bila kutoa sababu, ndiyo maana haikai kichwani.

Tuchukue mkoba. Kwa Kiswahili nikisema "mkoba mzuri mdogo" au "mkoba mdogo mzuri", hakuna anayeshtuka. Mwingereza huiweka nomino mwisho na kuzipanga sifa hivi: zuri, dogo, ekundu, ngozi, kisha mkoba. Akisikia "ekundu, dogo, zuri", sikio lake linakwaruzwa.

Sasa usome mpangilio huo kuanzia kwenye nomino, ukirudi nyuma. Ngozi ndiyo mkoba wenyewe. Rangi yaweza kubadilishwa, lakini kila mtu anaiona. Udogo hutegemea mkoba mwingine uliowekwa kando. Uzuri uko machoni mwa anayetazama. Kadiri sifa inavyokuwa ya kitu chenyewe, ndivyo inavyokaa karibu na nomino. Kadiri inavyokuwa ya msemaji, ndivyo inavyokaa mbali. Basi jiulize swali moja: sifa hii ni ya kitu au ni yangu?

Kwa nini sisi hatulisikii kosa hilo? Kwa sababu kazi kubwa tumeupa upatanisho wa ngeli. Katika "mkoba wa ngozi mwekundu" kilicho chekundu ni mkoba. Katika "mkoba wa ngozi nyekundu" ni ngozi. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki umbo, kwa hiyo mahali pake panabeba uzito zaidi.

Swali hili halimalizi kila kitu. Halielezi vizuri kwa nini umri hufuata ukubwa. Tena, mezani kukiwa na mikoba midogo mitupu, Mwingereza anayetaka ule mwekundu anaweza kuitanguliza rangi na kuitamka kwa mkazo, wala hajakosea.

Hata hivyo, ningependa muhula ujao tuanze na mkoba mezani, orodha ifuate baadaye. Na anayesahihishwa asione haya: Tolkien alizaliwa ndani ya lugha hiyo, na bado alisahihishwa na mama yake.