Karatasi ya Yav na sauti ya redio

Tunapofika kwa Marshall McLuhan katika somo la mawasiliano, darasa hugawanyika. Upande mmoja wanakubali mara moja kwamba umbo la njia ya mawasiliano linaijenga jamii kuliko yale yanayopitishwa ndani yake. Upande wa pili wanaona hayo ni maneno ya mtu anayependa kushangaza watu: iweje redio iwe na nguvu kuliko habari inayotangazwa? Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya mifano ya Ulaya na Amerika, hali mfano mzuri zaidi wa kuipima nadharia hii uko hapa kwetu, katika Kiswahili cha Katanga.

Kwanza tumtendee McLuhan haki. Katika kitabu chake cha 1964 alitoa mfano wa reli, na sisi wa Kolwezi tunauelewa bila kufafanuliwa. Reli haikuwaletea watu mwendo wala mizigo, vilikuwako. Ilibadili kipimo na kasi, ikazaa aina mpya ya miji na kazi, na ilifanya hivyo iwe imebeba shaba au imebeba mahindi. Anayetaka kujua reli ilifanya nini Katanga hatahesabu mabehewa ya shaba tu. Atauliza vijiji gani vilihama kuifuata, na watu wa lugha gani walijikuta wanaishi mtaa mmoja. Hoja yake juu ya redio, maandishi na televisheni ni hiyo hiyo: usitazame mzigo tu, tazama njia.

Walter Ong aliipeleka hoja hiyo kwenye maandishi katika kitabu chake cha 1982. Kwa maoni yake, maandishi, na hasa uchapaji, yanaliondoa neno katika sauti na kuliweka katika nafasi ya ukurasa. Msomaji anasoma kimya, peke yake, kwa macho. Anaweza kurudi nyuma, kulinganisha, kupanga. Kutokana na hayo akili yenyewe inazoea kufikiri kwa namna nyingine. Ikiwa ni kweli, basi popote maandishi yanapoingia tutaona mambo hayo yakitokea, hata kama kilichoandikwa ni orodha ya bei sokoni.

Sasa tuchukue karatasi moja. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, André Yav alitoa historia ya mji huo kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboyi. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa, kikisema kwamba huu ni msamiati wa mji wa Elisabethville, lakini matini yenyewe ni Kiswahili cha Katanga. Ilipigwa taipu, ikarudufiwa. Inasimulia kuja kwa Wazungu, kujengwa kwa mji na maisha ya watu waliopika, kufua na kulea watoto katika nyumba za waajiri wao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na uchambuzi, akisaidiwa na Kalundi Mango na mwanaisimu Walter Schicho.

Mtu aliyezoea vitabu vya shule akiitazama karatasi hiyo anashindwa. Tahajia hubadilika kutoka mstari hadi mstari. Nukta na mikato haionyeshi sentensi inaishia wapi. Maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati. Nitoe mfano niliotunga mwenyewe ili jambo lionekane. Andika hivi: «balebatu balikuabanafania kazi kumuzungu». Jicho linatafuta nafasi kati ya maneno na halizikuti pale lilipozitegemea. Soma kwa sauti, na mtu yeyote wa Dilala atasikia papo hapo: «bale batu balikuwa banafanya kazi ku muzungu», yaani wale watu walikuwa wakifanya kazi kwa mzungu. Hakuna kilichoongezwa ila sauti. Pumzi ya msomaji ndiyo iliyoweka nafasi na nukta.

Ndiyo maana Fabian hakutosheka kuinakili karatasi. Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na usomaji huo ukaandikwa upya. Kwa hiyo mbele yetu kuna matini mbili: ile ya taipu kama ilivyo, na ile iliyorudishwa kinywani kisha ikaandikwa. Mtu akizilinganisha anaona kwamba ya pili si masahihisho ya ya kwanza. Ni utekelezaji wake, kama vile wimbo unavyotekeleza noti zilizoandikwa.

Hapa ndipo nadharia inapopata shida. Njia ni ile ile aliyoizungumzia Ong: herufi, karatasi, nakala nyingi zinazofanana. Lakini matokeo siyo yale aliyoyatabiri. Neno halikuondoka katika sauti. Karatasi ilibaki inangoja sauti. Kusoma kimya hakukuja, kwa sababu matini hii haisomeki vizuri kwa kimya. Kama umbo la maandishi lingekuwa na nguvu hiyo lenyewe, lingefanya kazi yake kwa Yav kama lilivyofanya kwa msomaji wa Paris.

Brian Street alikwisha kutoa onyo hilo mwaka 1984, alipopinga wazo la kwamba kujua kusoma ni ufundi mmoja wenye matokeo yale yale kila mahali. Alisema kuna namna nyingi za kusoma na kuandika, na kila moja inabebwa na taasisi fulani. Usomaji wa kimya hautoki kwenye herufi peke yake. Unatoka kwenye shule, kwenye kamusi, kwenye mhariri anayerudisha makala yenye makosa. Katanga ya ukoloni ilikuwa na shule na vitabu vya Kiswahili, lakini kile kilichofundishwa kiliitwa Kiswahili bora, na lugha ya nyumbani na ya kambi za wafanyakazi haikuwekewa tahajia yake. Yav aliishika njia bila kupitia kwa walinzi wa mlango wake.

Je, tumtupe McLuhan basi? Hapana, na sababu yake inapatikana mji ule ule. Katika miongo iliyofuata, kundi la maigizo la Mufwankolo lilijulikana Lubumbashi kwa michezo yake ya redio na baadaye televisheni, kwa Kiswahili cha watu. Michezo hiyo haikutokana na matini iliyokaririwa. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, wakagawana sehemu, wakajadiliana, kisha maneno yakazaliwa katika kuigiza. Lugha ni ile ile ya Yav. Mji ni ule ule. Hata mambo yanayosemwa yanakaribiana: kazi, bwana na mtumishi, fedha, ndoa, madaraka. Lakini lugha ambayo kwenye karatasi ilibaki mikononi mwa watu wachache, kwenye redio ilipata mji mzima wa wasikilizaji. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa maudhui. Inaelezwa na njia.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inatuambia jambo ambalo hakuna mmoja wao angeweza kulisema peke yake. Swali zuri siyo kama umbo linazidi maudhui. Swali ni hili: njia hii inamdai msemaji awe amejifunza nini kabla hajaruhusiwa kusema? Redio ilimdai mwigizaji sauti, kumbukumbu na ucheshi, vitu ambavyo mtaa ulikuwa umekwisha kumfundisha. Karatasi ilimdai Yav tahajia ambayo hakuna aliyekuwa amemfundisha kwa lugha yake. Dai hilo kwa sehemu linatoka kwenye umbo la njia, maana sauti haina nafasi kati ya maneno wala haihitaji. Kwa sehemu linatoka kwa watu wanaoamua lipi ni kosa. McLuhan aliiona sehemu ya kwanza vizuri sana, akaipita ya pili haraka mno.

Pima sasa kwa simu tulizo nazo mfukoni. Katika vikundi vya WhatsApp vya mtaa au vya familia hapa Kolwezi, tangazo rasmi mara nyingi huja kwa Kifaransa kilichoandikwa. Chini yake hufuata audio, na audio ni Kiswahili. Ni programu moja, skrini moja, mega zile zile. Kama tungesema kwamba «simu» ndiyo njia, tusingeweza kueleza kwa nini lugha inabadilika mtu anapoacha kuandika na kubonyeza alama ya kipaza sauti. Tukiuliza kila upande unadai nini, jibu liko wazi. Kuandika kunakumbusha shule, na kusema kunakumbusha nyumbani. Mama ambaye hajawahi kuandika ujumbe hata mmoja anatuma audio ya dakika tatu na anajibiwa na kikundi kizima.

Lakini audio nayo ina madai yake, na hayamwangukii msemaji bali msikilizaji. Huwezi kuipitia kwa jicho. Ukitaka jina lililotajwa mwishoni, unasikiliza toka mwanzo. Huitafuti kwa neno. Simu ikijaa, audio ndizo za kwanza kufutwa. Karatasi ya Yav, pamoja na ugumu wake wote, ilingoja robo karne hadi 1990 na bado ikasomwa. Sijui ni audio gani ya mwaka huu itakayoweza kungoja hivyo.

Hapo ndipo kitivo chetu kinahusika. Wengi wetu, kwa ajili ya kazi za kumalizia masomo, tunawahoji wazee: wachimbaji, wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, wauza soko. Tunarekodi kwa simu, tunaandika, na katika kuandika tunasafisha. «Balikuya» inakuwa «walikuja», sentensi iliyorudiwa mara tatu inakuwa moja, au yote yanageuzwa Kifaransa. Kisha rekodi inafutwa. Tunachokabidhi maktaba ni madai ya njia yetu, yakiwa yamevaa jina la mzee. Msomaji wa kesho hataweza kujua ni lipi alilisema yeye na ni lipi lilidaiwa na ukurasa.

Najua jibu la walimu, nalo si dogo: saa moja ya sauti hula saa nyingi za kuandika, na kamati haiwezi kutathmini kazi isiyo na tahajia moja. Kwa hiyo siombi kila kitu kiandikwe mara mbili. Naomba rekodi nzima ihifadhiwe pamoja na kazi. Naomba kurasa mbili au tatu za kiambatisho ziandikwe kama zilivyosemwa, na mstari mmoja ueleze ni kanuni gani za kusafisha zilitumika katika sehemu iliyobaki. Ndivyo matini ya Yav ilivyotendewa: ya taipu ikaachwa kama ilivyo, ya kinywa ikawekwa karibu yake, na msomaji akaachiwa aone umbali uliopo kati ya hizo mbili.