Wasifu Haupimwi kwa Kuhesabu Maneno

Msomaji wangu, wako waajiri wanaoupima wasifu wa mkaguzi wa ndani kwa kuhesabu ni maneno mangapi ya tangazo la kazi yamerudiwa humo. Nasema bila kuficha: huo si upimaji. Anayetuzwa hapo ni mnakili, na mkaguzi anaachwa mlangoni.

Chukua mfano wa kubuni. Chama cha akiba na mikopo mjini Mbarara, Uganda, kinatafuta mkaguzi anayefahamu mfumo wa udhibiti wa ndani wa COSO, awezaye kutathmini vihatarishi na kuandika ripoti. Tuweke alama 3 kwa kila sifa: asiyetaja kitu apate 0, aliyetaja neno tupu, 1, aliyeonyesha kazi nusunusu, 2, aliyeeleza alichofanya, jinsi alivyokifanya na matokeo yake, 3.

Mwombaji wa kwanza ameandika: “Nina ujuzi wa COSO, tathmini ya vihatarishi na uandishi wa ripoti.” Mhesabu maneno atampa alama zote. Kwa kipimo chetu anapata 3 kati ya 9, kwa maana hakuna kazi hata moja aliyoionyesha.

Wa pili ameandika: “Nilipanga matawi 9 kwa uwezekano wa hasara na ukubwa wa athari yake, nikaanza na 3 yenye mikopo mingi iliyochelewa kulipwa. Niliripoti kuwa ofisa mmoja aliidhinisha mikopo na kutoa fedha yeye mwenyewe. Uongozi ukazitenganisha kazi hizo.” Tathmini ya vihatarishi, 3. Ripoti, 3, kwa kuwa ilibadili utaratibu. COSO hakuitaja, lakini kutenganisha majukumu ni sehemu ya shughuli za udhibiti, mojawapo ya nguzo 5 za mfumo huo. Tumpe 2, na zilizobaki aulizwe kwenye usaili. Jumla yake ni 8.

Watetezi wa kuhesabu husema njia yao haina upendeleo. Lakini kipimo chetu nacho hakina, mradi kiandikwe kabla ya bahasha kufunguliwa, na wapimaji wawili watoe alama kila mmoja peke yake, kisha wajadili walipotofautiana.

Kina mpaka wake, nao ni huu: wasifu waweza kudanganya. Ripoti za ukaguzi ni siri, hivyo mwombaji hawezi kuziambatisha. Basi mpe hati chache za mkopo wa kubuni, aandike hoja moja ya ukaguzi kwa nusu saa. Tafuta humo mambo manne: hali aliyoikuta, kigezo kilichokiukwa, chanzo na athari. Anayeandika “taratibu hazikufuatwa” na kuishia hapo, hajasema ni taratibu zipi, kwa nini, wala hasara gani. Alama zake za ripoti zipunguzwe, hata kama wasifu wake uling’aa.