Deni la Mfanyakazi Anayeondoka

Mpishi aliyekopeshwa na mwajiri wake shilingi 600,000, akakatwa 50,000 kila mwezi kwa miezi 7, siku ya kuacha kazi bado anadaiwa 250,000. Je, mwajiri aweza kuzikata katika malipo yake ya mwisho? Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mfanyakazi awe ameridhia kwa maandishi makato ya deni. Basi hati ya mkopo itaje pia salio la siku ya kuondoka. Mshahara na malipo ya likizo yakifika 330,000 baada ya kodi, aonyeshwe hesabu yote, ndipo apewe 80,000. Yasipotosha, salio hubaki deni. Cheti chake cha utumishi kisizuiliwe.