Piga hesabu kwa asilimia, andika kwa shilingi

Wasee, baridi ya Julai imeisha na maduka ya nguo Nairobi yanataka kumaliza majaketi. Swali ni moja: ofa iwe asilimia 20 au shilingi 300 kwa kila nguo? Mimi nasema hesabu ipigwe kwa asilimia, lakini lebo iandikwe kwa shilingi.

Chukua tisheti ya 600 uliyonunua 400, na jaketi ya 3,000 uliyonunua 1,800. Ukitoa 300 kila mahali, tisheti inaenda kwa 300 na umekula hasara ya 100. Jaketi inashuka hadi 2,700 tu, na hakuna msee atatoka Rongai kwa hiyo. Yaani unamaliza tisheti, ambazo hata Januari zingeuzika, halafu majaketi yanakulalia stoo mpaka Juni ijayo.

Ukitoa asilimia 20, tisheti ni 480 na bado una faida ya 80. Jaketi ni 2,400, faida 600.

Sasa usimwachie mteja hesabu. Kwa macho, "okoa 600" ni kubwa kuliko "asilimia 20", ingawa ni kitu kimoja. Kata ile 3,000 kwa kalamu, andika 2,400 kando yake, na chini "umeokoa 600".

Soksi za 80 ndizo uziandikie asilimia 20. Ukiandika "okoa shilingi 16", nani atashtuka?